Kumwomba mkubwa wa kazi akulee: ombi la moja kwa moja, mtu wa kati, au swali dogo kwanza?

Anayetaka mtu mzima wa fani yake amlee kikazi ana njia tatu za kumfikia. Anaweza kumwomba waziwazi siku hiyo hiyo, anaweza kumtuma mtu anayejuana naye, au anaweza kuanza na swali moja dogo na kuacha uhusiano ukue. Zote tatu hutumika Mombasa na zote huzaa matunda, ila kila moja huharibika kwa namna yake.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Karani wa kampuni ya klaringi, mwaka wa pili kazini, anasomea cheti cha mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki, EACFFPC, kinachofundishwa KESRA, chuo cha Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA. Kinachomsumbua zaidi ni uainishaji, yaani kuamua bidhaa iingie msimbo gani wa HS, mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa namba. Anamtazamia mama mmoja aliyebobea katika jambo hilo, ambaye tutamwita Bi Fulani. Hawafanyi kazi kampuni moja. Alimsikia mara moja kwenye semina, na namba yake anayo.

Ombi huonekana la kudai kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ukubwa wake: mwombaji hakusema anataka muda gani, wa nini, na hadi lini, kwa hiyo anayeombwa analiona kama mzigo usio na mwisho. Ya pili ni ugumu wa kulikataa. Ombi ambalo mtu hawezi kulikataa bila kuaibika au kumwaibisha mwenzake ni la kulazimisha, hata likipambwa kwa "samahani kwa usumbufu" mara tatu. Maneno ya adabu hayaponyi kasoro hizi mbili. Basi tunazipima njia zetu kwa hayo, pamoja na kasi ya kila moja.

| | Moja kwa moja | Mtu wa kati | Swali dogo kwanza |
|---|---|---|---|
| Anachoombwa mwanzoni | Miezi kadhaa ya muda wake | Ruhusa ya kutafutwa | Dakika chache |
| Kukataa kwake | Kugumu | Kugumu sana, au kwepesi sana, kwa kutegemea ulivyomtuma mtu | Kwepesi |
| Muda hadi kukubaliwa | Siku chache | Wiki moja au mbili | Wiki sita hadi nane |
| Huharibika kwa | Ombi pana | Ujumbe kubadilika njiani | Maswali yasiyosomewa |

Kabla ya njia, mtazame mtu mwenyewe, maana kuna wasiofaa kuombwa kwa njia yoyote. Bosi wako wa moja kwa moja ni mmoja wao: ndiye anayekupima na kukuongezea mshahara, kwa hiyo hutamwonyesha udhaifu wako, na bila kuuonyesha hakuna la kulelewa. Wa pili ni afisa wa forodha anayekagua entri zako, yaani hati unazotangazia mizigo. Hata nia ikiwa safi kabisa, kumwomba mtu huyo vikao vya kila mwezi kunamweka pabaya yeye na kampuni yako. Afisa aliyestaafu, mwalimu wa fani, au mkuu wa kampuni nyingine ni salama zaidi. Ukienda kwa mtu wa kampuni nyingine, jina la mwagizaji wa mzigo, namba ya entri na bei ya mteja havitoki mdomoni mwako. Swali la uainishaji linaulizika vizuri bila hayo, na mtu makini akisikia ukitaja siri za mteja ataona kwamba na zake utazitaja.

Ombi la moja kwa moja

Njia hii ni ya haraka na ina heshima yake, maana hakuna kuzunguka. Inafaa pale mlango ulipokwisha kufunguliwa: mlifanya kazi pamoja miaka kadhaa, au yeye mwenyewe alisema "vijana wanaotaka kusaidiwa wanitafute", au kuna mpango rasmi wa malezi ofisini. Inafaa pia unapobanwa na tarehe, kwa mfano mtihani ukiwa umebakiza wiki sita.

Kwa mtu aliyekusikia jina leo, hushindwa, na ujumbe unaoshindwa karibu wote una sura hii:

"Shikamoo Bi. Mimi ni shabiki wako sana. Naomba uwe mlezi wangu unifundishe kazi na uniongoze maishani. Nitashukuru sana ukinikubalia."

Hakuna ufidhuli humu. Shida ni kwamba Bi Fulani hajui anaombwa saa ngapi, za nini, kwa muda gani. Hayo "unifundishe kazi" na "uniongoze maishani" ni miaka. Na hapa kuna adabu ya pwani inayowapoteza wengi: mtu mzima haoni vyema kumjibu kijana "hapana" kavu. Atasema "Inshaallah, tutaonana", na kijana atakaa miezi miwili akingoja jambo ambalo lilikwisha kukataliwa kwa upole.

Ukilazimika kutumia njia hii, lipe ombi mipaka minne: jambo moja, kiasi cha muda, mwisho wake, na mlango wa kutokea. Tuseme karani wetu aliwahi kufanya kazi na Bi Fulani, aandike hivi:

"Shikamoo Bi Fulani. Ni (jina), tulifanya kazi pamoja kwenye mizigo ya vipuri mwaka jana. Nafanya mtihani wa EACFFPC baada ya wiki sita na uainishaji ndio unaonishinda. Naomba nusu saa mara tatu tu kabla ya mtihani, siku na mahali utakapochagua wewe. Maswali nitakutumia mapema. Kama ratiba hairuhusu, nitaelewa kabisa."

Sentensi ya mwisho iandikwe mara moja tu, na usiiongezee "lakini nakuomba sana". Ukiiongezea, umeufunga mlango uliokwisha kuufungua.

Mtu wa kati

Pwani, mambo makubwa hayaanzwi na mhusika mwenyewe, na watu wengi wazima wa Mombasa hawajibu namba wasiyoijua. Kwa hao, mtu wa kati ndiye ufunguo: mwalimu wako wa zamani, jirani yake, mfanyakazi mwenzake, ami yako anayeswali naye msikiti mmoja. Njia hii pia husitiri pale ambapo mmoja ni mwanamke na mwingine ni mwanamume na hamjuani, kwa sababu uhusiano unaanza mbele ya mtu wa tatu na hakuna wa kujiuliza unatoka wapi.

Madhara yake ni mawili, na yote yanazuilika. La kwanza ni ujumbe kubadilika. Unamwambia ami yako "nataka Bi Fulani anisaidie kuelewa uainishaji", naye anafika kwa Bi Fulani na kusema "kuna kijana wangu, mwangalie". Huko klaringi "mwangalie" maana yake ni mpe kazi. Bi Fulani ataomba wasifu wako wa kazi, au atakukwepa kwa kuwa hana nafasi ya kuajiri, na hutajua kwa nini. Dalili ya kosa hili ni jibu linalotaja vyeti, nafasi, au "sasa hivi hatuchukui watu". Ukilipata, sahihisha siku hiyo hiyo kwa ujumbe mfupi: hutafuti kazi, una kazi, ulitaka kuuliza juu ya uainishaji.

Kinga yake ni kumpa mtu wa kati maneno yaliyoandikwa ayapeleke kama yalivyo, na yasizidi sentensi mbili: "Kuna karani wa klaringi, mwaka wa pili, ana swali moja la uainishaji wa bidhaa. Anauliza kama anaweza kukutumia kwa WhatsApp." Basi. Hajaombwa kulea mtu, ameombwa ruhusa ya kuulizwa swali.

Dhara la pili ni kumfunga mkubwa. Akiombwa na shemeji yake, tena wewe ukiwa umesimama pale pale, hawezi kukataa, na anayekubali kwa sababu hiyo huonyesha kwa matendo: anaahirisha kila mara, anajibu kwa neno moja, kila ukimtafuta yuko safarini. Kwa hiyo usipelekwe nyumbani kwake bila taarifa, na usiwepo ombi linapotolewa. Mtu wa kati amuulize peke yake, tena aongeze, "kama hawezi, niambie mimi". Hapo kukataa ni kwepesi, kwa kuwa aliyekataliwa hakuwepo.

Zawadi isitangulie ombi. Sahani ya halwa inayofika pamoja na ombi inaligeuza kuwa deni. Ipeleke baadaye, kazi ikishakwisha.

Swali dogo kwanza

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi, na ndiyo inayohitaji ustadi zaidi. Msingi wake ni kwamba mkubwa haamui kukulea kwa kusoma sifa ulizomwandikia. Anaamua baada ya kuona unachofanya na jibu lake. Kwa hiyo kila kitu kinategemea ubora wa swali la kwanza, na zaidi ya hapo, ujumbe unaofuata jibu.

Swali zuri lina sehemu tatu: jambo lenyewe, ulichokwisha kusoma, na uamuzi unaouegemea. Bila sehemu ya pili na ya tatu unamtuma mtu mzima akufanyie kazi. "Bi, baiskeli za umeme zinaingia msimbo gani?" ni swali ambalo jibu lake limo kwenye kitabu cha ushuru. Kichwa 8711 kinataja wazi pikipiki na baiskeli zilizofungwa mota ya kusaidia, na 8712 ni cha baiskeli zisizo na mota. Akiulizwa hivyo, anayejua kazi huona kwamba hukufungua kitabu. Swali linalostahili muda wake ni lile ambalo kitabu kimekufikisha katikati na kukuacha:

"Shikamoo Bi Fulani. Naitwa (jina), niko klaringi hapa Mombasa, mwaka wa pili. Nilikusikiliza kwenye semina ulipoeleza kanuni za ufasiri. Nina swali moja. Baiskeli zimekuja kontena moja na mota zake, lakini mota zimo kwenye maboksi mbali. Nimesoma 8711, 8712 na kanuni ya 2(a) kuhusu bidhaa ambazo hazijaunganishwa. Naegemea 8711.60 kwa kuwa vyote vimeletwa pamoja ili viunganishwe. Je, kuna ninachokiacha? Sentensi moja itanitosha, na kama umebanwa, hakuna neno."

Ni maneno yasiyofika mia moja na yanasomeka bila kuteremsha skrini mara mbili. Hakuna faili, hakuna picha kumi za nyaraka. Ujumbe wa sauti pia usitume kwa mtu asiyekujua. Hawezi kuupitia kwa jicho akiwa mkutanoni. Salamu iwe ndani ya ujumbe wenyewe. Kutuma "Shikamoo" peke yake na kungoja "Marahaba" ndipo uulize ni adabu ya uso kwa uso. Kwa maandishi unamfanya ajibu mara mbili.

Wakati nao una uzito. Katikati ya asubuhi ya Jumanne au Jumatano, kama saa nne, ni afadhali kuliko Jumatatu. Ijumaa kuanzia saa sita mwache aende msikitini. Mwezi wa Ramadhani, alasiri hadi magharibi si wakati wa kumletea mtu hoja za forodha. Na kwa watu wa fani hii, wiki ya mwisho ya Juni na ya kwanza ya Julai ni za mabadiliko ya viwango vya ushuru baada ya bajeti, hivyo ujumbe wako utazama tu.

Tuseme Bi Fulani amejibu: "Hesabu mota na baiskeli kwenye orodha ya upakiaji. Zikilingana, hoja yako ina nguvu. Zisipolingana, zilizozidi ziangalie peke yake." Jibu hili lina somo kubwa, maana kanuni ya 2(a) inakusanya vipande vya kitu kimoja, lakini vipande vinavyozidi idadi inayohitajika huainishwa kivyake.

Walio wengi hapa huandika "Asante sana Bi, ubarikiwe" na kupotea, na hapo ndipo njia hii hufa. Mkubwa hajui kama jibu lake lilisaidia, na kwa upande wake mazungumzo yamekwisha. Ndani ya siku tatu hadi tano, rudi na matokeo:

"Bi Fulani, nilihesabu kama ulivyoniambia. Baiskeli 40, mota 25. Baiskeli 25 nimezipendekeza 8711.60, na 15 zilizobaki 8712. Mkuu wangu amekubali, ila ameshauri tuombe uamuzi wa awali wa KRA kwa mizigo ijayo. Nisingeliona hilo bila wewe. Asante."

Ujumbe huu hauombi chochote. Ndio unaofanya kazi kubwa kuliko yote, kwa kuwa umemwonyesha kwamba neno lake moja limegeuka kuwa kazi halisi. Uandike hata kama matokeo yalikwenda kinyume na alivyosema. Sema tu kilichotokea na sababu mliyopewa. Mtaalamu hupenda kujua.

Swali la pili lije baada ya wiki tatu au nne, likiwa na sehemu zile zile tatu. Baada ya mazungumzo mawili yaliyofungwa kwa matokeo, ndipo unaomba, na ombi sasa ni dogo kwa kuwa tayari linafanyika:

"Bi Fulani, majibu yako mawili yamenibadilisha namna ninavyosoma kanuni. Ningeomba, kama inawezekana, nusu saa mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, juu ya uainishaji tu. Nitakuja ofisini kwako au kwa simu, utakavyopenda, na maswali utayapata siku mbili kabla. Ukiona tuendelee hivi hivi kwa ujumbe, hilo pia linanitosha."

Sentensi ya mwisho haimpi chaguo kati ya ndiyo na hapana. Inampa ndiyo mbili, kubwa na ndogo, na anayetaka kukataa kikao anaweza kufanya hivyo bila kukukataa wewe. Tena angalia kwamba neno "mlezi" halimo. Acha alitumie yeye akitaka.

Kusoma jibu

"Njoo Jumanne saa nne" ni ndiyo. "Nitafute baada ya Idi" pia ni ndiyo yenye tarehe, na usipomtafuta siku hizo utaonekana hukuwa na haja. "Inshaallah" yenye siku ndani yake ni ahadi. Isiyo na siku yoyote ichukue kuwa hapana hadi yeye mwenyewe aseme vingine. Kimya kinastahili ukumbusho mmoja, baada ya siku kumi hadi kumi na nne, mfupi kuliko ujumbe wa kwanza. Ukumbusho wa pili ndio unaogeuza ombi kuwa dai.

Jibu ambalo vijana hulidharau ni "zungumza na Bwana Fulani". Huko si kufukuzwa. Amekupa jina lake ulitumie kama ufunguo, na mara nyingi anayetajwa ana muda zaidi. Nenda ndani ya wiki hiyo, kisha mrudishie aliyekuelekeza habari kwamba ulikwenda.

Uchague ipi

Kama una namba yake na huna tarehe inayokubana, anza na swali dogo. Kama hajibu asiowajua, mtume mtu wa kati aombe ruhusa tu, kisha uendelee na swali dogo vile vile. Mchanganyiko huu ndio tunaouona bora kwa Mombasa, maana unachukua heshima ya njia ya pili bila uzito wake. Ombi la moja kwa moja libaki kwa anayekujua kwa kazi yako, au kwa mtihani ulio mlangoni. Na kama baada ya kufikiri huna swali hata moja mahususi la kumuuliza, hakuna njia itakayokufaa bado: kaa na faili zako mwezi mmoja, andika kila mahali ulipokwama, na swali litatoka humo.

Akikubali, fika dakika tano mapema, na nusu saa ikifika, simama wewe kwanza hata kama mazungumzo ni matamu. Akitaka uendelee atakwambia ukae. Jioni ile ile mtumie mistari mitatu: alichosema, utakachofanya, na tarehe ya kikao kijacho. Mwezi wa tatu ukiisha, funga mwenyewe: "Bi Fulani, leo ndiyo miezi mitatu niliyoiomba imetimia." Mweleze mawili uliyojifunza na yalikofika kazini, mshukuru, na usiombe nyongeza katika ujumbe huo.